Ukali wa ukwaju si vitamini C

Jumatatu iliyopita mama mmoja alikaa mbele yangu kliniki, hapa Pemba, na mwanawe wa miaka minne ambaye damu yake ilikuwa chini. Nikamuuliza mtoto anakunywa nini anapokula. "Juisi ya ukwaju, dokta, kila mchana. Nampa kwa ajili ya vitamini C." Nikauliza kajuaje kama inayo. Akanitazama kama niliyeuliza iwapo bahari ina chumvi. "Si mkali huo?"

Mimi si dokta, ni afisa lishe, lakini hilo nilishaacha kulisahihisha. Hili la ukali siliachi.

Ukali wa ukwaju unatokana na asidi ya tartariki. Vitamini C nayo ni asidi, ila kuwa asidi hakufanyi kitu kuwa vitamini C. Siki ni kali na haina kitu. Pera, ambalo halikunji uso wa mtu yeyote, linazidi chungwa mara kadhaa. Nyama ya ukwaju ya gramu 100 ina vitamini C ya miligramu tatu au nne tu. Ukifikicha gramu 150 katika lita ya maji, glasi ya mililita 200 haipati hata miligramu moja na nusu, na mtoto wa umri ule anahitaji kama 30 kwa siku. Ukwaju una potasiamu na magnesiamu, na kwenye futari siuachi hata mimi. Kinachochekesha ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa nyama yake ni sukari, ila asidi inaificha, ndiyo maana tunaona lazima tuongeze nyingine.

Ubuyu ndio wenye vitamini C. Hapa nikiri jambo: vipimo vya maabara vinapishana sana, vingine zaidi ya mara mbili ya vingine, kwa mti, kwa mahali na kwa muda ambao ubuyu umekaa guniani; kwa hiyo nikisema miligramu 200 kwa gramu 100 za unga wake, nimechukua namba ya kufanyia hesabu, sijatoa ahadi. Nyumbani nilipima gramu 200 za ubuyu na kokwa zake. Baada ya kuosha na kukausha kokwa zilibaki gramu 130. Kwa hiyo unga ni gramu 70. Ukiutia katika lita moja, glasi inafika karibu miligramu 28. Glasi moja, mahitaji ya siku nzima yanakaribia kutimia.

Basi tunafanya nini? Tunauchemsha! Joto na hewa huiharibu vitamini C, na wengine huuacha uchemke hadi kokwa ziwe safi. Loweka kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo kidole kinavumilia, nusu saa hivi, kisha fikicha kwa mkono. Chuja kwa chujio lenye matundu makubwa, kwa sababu karibu nusu ya unga wa ubuyu ni nyuzinyuzi, na zile ngumu hubaki kwenye kitambaa ukikamua sana. Zile laini, zinazoifanya juisi iwe nzito, hupita. Kunyweni siku hiyo hiyo. Kokwa usimwachie mtoto mdogo, zinapalia.

Sasa sukari. Yule mama alikuwa akitia kikombe kimoja kwa lita, yaani gramu 200. Glasi ya mtoto inabeba gramu 40, vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni kama gramu 32. Glasi moja ya mchana imeshavuka, chai ya jioni bado haijaja. Tukakubaliana robo kikombe kwa lita, vijiko viwili kwa glasi. Angekuwa hajafika miaka miwili ningesema asitiwe kabisa.

Na glasi hiyo inywewe mezani, pamoja na maharage au mchicha, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo humo vinapokutana tumboni kwa wakati mmoja. Ikinywewa saa kumi jioni peke yake, haiyakuti. Dawa ya damu aliyoandikiwa inaendelea vile vile; juisi haishiki nafasi yake.

Alipokuwa anainuka akauliza: "Na ule ubuyu mwekundu wa pale nje ya skuli?" Nikamwambia ule umepikwa kwenye shira ya moto, ukatiwa rangi na iliki, ni peremende yenye kokwa ndani. Akamgeukia mwanawe, akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu mpaka kooni, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.