Kutoka dukani hadi kwenye pochi na kurudi: kiungo cha UPI kwenye Android

Aliyezoea kulipa kwa M-Pesa mtandaoni anajua utaratibu mmoja: anaandika namba yake ya simu, ombi la namba ya siri linajitokeza lenyewe kwenye skrini, naye hatoki kwenye programu ya duka. Nchini India, kwenye mfumo wa malipo wa UPI ulioanzishwa na shirika la NPCI mwaka 2016, kuna utaratibu mwingine unaotumika sana kwenye simu. Programu ya duka hutengeneza kiungo, kiungo hicho hufungua programu ya malipo kama BHIM, PhonePe au Google Pay, mnunuzi huidhinisha malipo humo, kisha hurudishwa dukani pamoja na jibu. Programu hizo nitaziita pochi, ingawa kwa kawaida malipo ya UPI huchotwa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya benki. Nimefanya kazi kwenye programu ya duka la vitabu linalouza huko, na ninataka kueleza safari hii ya kwenda na kurudi, hasa kurudi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona wanunuzi wakikatwa fedha mara mbili.

Kwenda ni rahisi. Tuseme mnunuzi ana oda ya rupia 499. Kiungo chake huwa hivi:

```
upi://pay?pa=duka@mfano&pn=Duka%20la%20Vitabu&tr=ODA2417&am=499.00&cu=INR
```

Sehemu ya `pa` ni anwani ya UPI ya mpokeaji, `pn` ni jina lake, `am` ni kiasi, `cu` ni sarafu, na `tr` ni namba ya kumbukumbu ambayo duka limeipa oda. Hiyo `tr` ndiyo uzi pekee unaounganisha oda ya duka na muamala wa benki, kwa hiyo ni lazima itengenezwe na seva ya duka na ihifadhiwe kabla kiungo hakijafunguliwa. Programu inapokifungua, Android hutafuta programu zote zilizojitangaza kuwa zinaweza kupokea `upi://pay`, na zikiwa zaidi ya moja humwachia mnunuzi achague. Tangu Android 11, duka linalotaka kuchora orodha yake lenyewe ya pochi ni lazima litaje kiungo hicho chini ya `<queries>` kwenye faili la `AndroidManifest.xml`. Ukisahau, utaona orodha tupu kwenye simu yenye pochi tatu.

Sasa tutazame kurudi. Duka likiwa limeifungua pochi kwa namna ya kusubiri jibu, pochi ikimaliza kazi yake hurudisha mstari wa maneno ndani ya kifurushi kinachoitwa `response`:

```
txnId=...&responseCode=00&Status=SUCCESS&txnRef=ODA2417
```

Badala ya `SUCCESS` linaweza kuja `FAILURE`, au `SUBMITTED`, ambalo maana yake ni kwamba ombi limepelekwa lakini halijapata uamuzi. Mtu anayesoma mstari huu kwa mara ya kwanza hushawishika kuandika kwamba akiona `SUCCESS` atoe bidhaa, na akikosa aonyeshe kuwa malipo yameshindikana. Programu yetu ilikuwa imeandikwa hivyo nilipoikuta, na pande zote mbili za uamuzi huo zina kasoro.

Tuanze na upande wa kukubali. Anwani inayoanza na `upi://` haimilikiwi na mtu yeyote; programu yoyote inaweza kujitangaza kuwa inaipokea. Nilitengeneza programu ndogo kwenye simu yangu ya majaribio, nikaitangaza kuwa pochi, na kazi yake yote ilikuwa hii:

```
val jibu = Intent().putExtra("response",
    "txnId=123&responseCode=00&Status=SUCCESS&txnRef=ODA2417")
setResult(Activity.RESULT_OK, jibu)
finish()
```

Nilipofika kwenye malipo nilichagua pochi hiyo ya bandia, skrini ikapepesa mara moja, na programu ya duka ikanishukuru kwa kununua. Hakuna benki iliyoguswa. Jibu linalopita kwenye simu ya mnunuzi ni habari iliyoletwa na mnunuzi mwenyewe, na muuzaji hawezi kuichukua kuwa ushahidi. Vivyo hivyo kwa kiasi: mtu akiweza kubadili `am` kuwa `1.00` kabla kiungo hakijafunguliwa, muamala utafaulu kweli, lakini kwa rupia moja. Kwa hiyo seva ni lazima ilinganishe kiasi kilichoingia na bei ya oda, isitosheke na kuona neno la kufaulu.

Upande wa kukataa ndio uliotuumiza zaidi. Mnunuzi wa oda ya rupia 499 aliweka namba yake ya siri, benki ikakata fedha, lakini kabla pochi haijaandaa jibu alibonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha simu. Katika hali hiyo Android hulirudishia duka `RESULT_CANCELED` bila kifurushi chochote ndani, sawasawa kabisa na mtu aliyeghairi bila kulipa. Programu yetu ikamwambia malipo yameshindikana na ikamwonyesha kitufe cha kujaribu tena. Alijaribu tena, oda ikapewa `tr` mpya, na akakatwa rupia 499 nyingine. Kwenye kumbukumbu za seva thibitisho mbili zilikuwa zimefuatana, zote halali, na hakuna kilichokuwa kimezilinganisha.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo. Wakati pochi iko mbele, duka liko nyuma, na simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuliua ili kupata nafasi. Mnunuzi akirudi, Android hulijenga upya na kulikabidhi jibu, lakini namba ya oda iliyokuwa imeshikwa kwenye kumbukumbu ya muda imeshapotea. Dalili yake ni mnunuzi kujikuta kwenye ukurasa wa mwanzo akiwa na kikapu kilekile, kana kwamba hakuwahi kulipa.

Tulichobadilisha ni kwamba jibu la pochi, liwe lolote, sasa lina kazi moja tu: kuiambia programu kuwa mnunuzi amerudi. Hapo programu huiuliza seva yetu kuhusu `ODA2417`. Seva hupata ukweli kutoka kwa mtoa huduma za malipo, ama kwa taarifa ambayo mtoa huduma huituma mwenyewe, ama kwa kumuuliza kwa namba hiyo ya `tr`. Jibu likichelewa, mnunuzi huona kuwa malipo yanathibitishwa, na kitufe cha kujaribu tena hakionekani mpaka jaribio la kwanza lipate uamuzi wa mwisho. Baada ya dakika mbili tunamruhusu aondoke na kumwahidi ujumbe. Na ikitokea `tr` mbili za oda moja zote zimelipwa, ya pili hurudishiwa fedha bila mtu kulalamika.

Kwenye iPhone utaratibu huu haukuwa wa hiari tangu mwanzo. Programu ya duka ikifungua kiungo huambiwa tu kama kimefunguka au la, na hakuna kifurushi cha jibu kinachorudi kwa njia ya Android. Duka hujikuta limeletwa mbele tena na halina la kufanya ila kuiuliza seva. Tulipomaliza marekebisho, sehemu inayoshughulikia kurudi kwa mnunuzi ikawa inafanana kwenye simu za aina zote mbili, na nilifuta mistari yote iliyokuwa ikitafuta neno `SUCCESS`.