Kiti kinachomkumbuka dereva: panga kabla ya kubonyeza SET

Tuseme gari ni moja, nyumbani Nyakato. Asubuhi Mama Neema analipeleka mjini, jioni Baba Neema analichukua. Baba ni mrefu, hivyo mama akiingia anakuta kiti kimerudi nyuma na vioo vinamwonyesha mawingu. Kama mlango wa dereva una vitufe 1, 2 na SET (kwingine ni M), kero hiyo inaondoka. Tatizo tunaloliona kwa wanaokuja kwetu kujifunza ni kwamba wengi wanabonyeza SET mapema mno. Gari linahifadhi mkao wowote litakaoukuta, hata mbaya.

Egesha mahali tambarare, jambo linalotaka kutafutwa kidogo katika mji wetu huu wa vilima. Gia iwe P, gari liwe limewashwa. Mama aanze na kiti. Akikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Kisha usukani: mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani, na kifua kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka katikati yake, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu kubwa. Vioo vya pembeni vinakuja mwisho, maana kiti kikisogea jicho nalo linahama. Ubavu wa gari uonekane kwa ukingo mwembamba tu.

Sasa abonyeze SET, kisha 1 ndani ya sekunde chache. Magari mengi hulia mara moja kuthibitisha. Baba afanye vivyo hivyo kwenye 2. Kuvijaribu ni rahisi: sogeza kiti ovyo, bonyeza 1, utazame kama kila kitu kimerudi. Usukani usiposogea, huenda ni wa kurekebishwa kwa mkono, na kioo cha ndani katika magari mengi ni hivyo hivyo. Hivyo viwili mama atavigusa mwenyewe kila asubuhi.

Baadhi ya magari huunganisha namba na ufunguo, kiti kikajipanga mlango unapofunguliwa. Namna ya kuunganisha hutofautiana, na kitabu cha gari la mtumba kutoka Japani mara nyingi ni cha Kijapani, kwa hiyo mwombe fundi umeme wa magari. Weka alama ya rangi kwenye kila ufunguo. Mama akichukua wa baba, kiti kitamfuata baba. Wakitoka pamoja na funguo zote mbili, gari linaweza kuchagua yeyote. Hapo kitufe cha mlangoni ndicho cha kuaminika.

Kabla ya kubonyeza namba, geuka utazame nyuma. Kiti cha baba kinaporudi kinaweza kubana miguu ya mtoto aliyekaa nyuma yake. Na betri ikibadilishwa, jaribu 1 na 2 kabla ya kuondoka gereji, kwani baadhi ya magari husahau yote.