Muhtasari wa kikao cha kuanzisha jumuiya ni karatasi gani hasa

Watu wengi huku kwetu Tanga wakisikia kusajili jumuiya wanakimbilia katiba tu, wanalipia stationari wachapiwe kurasa kumi na kitu, halafu muhtasari wanauandika usiku mmoja kabla ya kupeleka. Mimi naona muhtasari ndo wa kwanza kuangaliwa, maana katiba inasema mtafanyaje, ila muhtasari ndo unaoonyesha kwamba kweli mlikaa mkakubaliana.

Kwanza tuelewane nazungumzia nini. Kikundi kidogo cha mtaani kinaishia halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, na NGO zina msajili wake. Mimi naongelea jumuiya, yaani chama cha watu kuanzia 10 wenye jambo lao, kufa na kuzikana, dini, taaluma na kadhalika, hizi zinaenda kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Utapeleka fomu, katiba, orodha ya viongozi na wasifu wao na picha, barua ya Mkuu wa Wilaya, na huo muhtasari wenye majina na sahihi za waliohudhuria.

Sasa muhtasari wenyewe. Ni kumbukumbu ya kile kikao ambacho kabla yake jumuiya haikuwepo, kwahiyo haufanani na muhtasari wa kikao cha kawaida. Mwenyekiti bado hamna, mnachagua mwenyekiti wa muda na katibu wa muda waongoze siku hiyo. Na ajenda zina mpangilio wake, kwanza azimio la kuanzisha na jina, halafu kusoma na kupitisha katiba, ndo uchaguzi wa viongozi, maana bila katiba hivyo vyeo mnavitoa wapi? Mwisho mnaazimia kuomba usajili na nani ataenda kwa niaba yenu. Ukikuta mtu kaandika "kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita" au "yatokanayo" kwenye kikao cha kwanza kabisa, basi ujue kakopi kwa wenzake.

Nikupe mfano wa jirani zangu wa Ngamiani, walikuwa 23, chama cha kuzikana, nusu yao wavuvi wa dagaa. Katiba waliichukua kwa rafiki yao wakabadilisha jina, ndani imeandikwa akidi ya mkutano mkuu ni theluthi mbili ya wanachama. Kikao chao walihudhuria 14. Theluthi mbili ya 23 ni 15 na kitu, kwahiyo wanatakiwa 16. Hapo wamepitisha katiba halafu palepale wakachagua viongozi kinyume na hiyo hiyo katiba! Bahati nzuri mzee mmoja aliyestaafu ukarani alizisoma karatasi kabla hazijaondoka, akaona na mengine mawili: katiba inasema Mtunza Hazina, orodha ya viongozi inasema Mhasibu, na katiba ina nafasi ya Katibu Msaidizi ila kwenye orodha hayupo mtu na kwenye muhtasari hakuna aliyechaguliwa.

Kuna aliyesema tuongeze sahihi mbili tu yaishe. Mzee akakataa kabisa na mimi nilimuunga mkono, sababu huo ni uongo wa maandishi, na siku mkigombana pesa za rambirambi mtu atasimama aseme mimi siku hiyo nilikuwa baharini, na uongozi wote unaanza kutiliwa shaka.

Walichofanya, waliita kikao upya wakati wa mbalamwezi, maana kwenye giza wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao huwapati. Wakaja 18. Na kabla ya kupitisha katiba wakaibadilisha, akidi ikawa nusu, yaani 12, kwasababu walijua miezi mingine theluthi mbili haitafika na mikutano itakuwa inaahirishwa tu. Cheo kikabaki Mtunza Hazina kote kote, Katibu Msaidizi akachaguliwa, na majina yakaandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, si Mama fulani wala jina la utani ambalo mtaa mzima unalijua.

Kwahiyo ukimaliza kuandika, weka karatasi tatu mezani uzisome kwa pamoja. Jina la jumuiya liwe lilelile herufi kwa herufi, kila cheo cha kwenye katiba kiwe na mtu kwenye orodha, na kila mtu wa kwenye orodha awe na mstari kwenye muhtasari unaosema alichaguliwa, na sahihi yake iwepo kwenye mahudhurio. Tarehe ya kupitishwa iliyopo kwenye katiba iwe ile ile ya kikao. Wale majirani walisahau hilo la mwisho, ganda la katiba lilibaki na tarehe ya kikao cha mwanzo, ikabidi walichapishe upya.