Asilimia 2.5 si robo ya asilimia 10

Sentensi hii nimeikuta tena, safari hii kwenye rasimu ya makala ya masomo ya maendeleo niliyoletewa niipitie: kwa kuwa Mkristo hutoa asilimia 10 na Mwislamu asilimia 2.5, fungu la kumi linagawa upya mali mara nne zaidi ya zaka. Nimeisikia kwenye semina, nimeisoma kwenye tasnifu, na kila mara inaandikwa kana kwamba ni hesabu ya darasa la tano isiyohitaji ushahidi. Nimechoka kuijibu pembeni mwa kurasa za watu, kwa hiyo naijibu hapa kwa urefu.

Asilimia 10 inakatwa kwenye kipato. Asilimia 2.5 inakatwa kwenye mali iliyokaa mkononi mwaka mzima wa Kiislamu na kuvuka nisabu, yaani kiwango cha chini kinachomlazimu mtu kutoa. Kipato ni kile kilichoingia ndani ya mwaka. Mali ni kile kilichopo mwaka unapotimia. Huwezi kuweka viwango viwili juu ya vitu viwili tofauti kisha ukagawanya kimoja kwa kingine. Isitoshe, zaka yenyewe haina kiwango kimoja. Mazao yaliyonyeshewa na mvua hutolewa asilimia 10, yaliyomwagiliwa kwa gharama asilimia 5, na yote mawili hutolewa wakati wa kuvuna bila kungoja mwaka. Mifugo ina jedwali lake: ngamia 5 hutolewa kondoo mmoja, kondoo 40 hutolewa kondoo mmoja, ng'ombe 30 hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Ukitafiti kijiji cha wakulima wanaotegemea mvua, ile “mara nne” inakufa kabla hujafungua kompyuta.

Tuchukue watu wanne wa kubuni, kila mmoja akiwa na kipato cha shilingi milioni 15 kwa mwaka. Wa kwanza ni mwalimu. Mshahara wote unaishia kwenye kodi ya nyumba, ada na chakula, na mwaka unapotimia amebaki na laki 6. Wa pili ni mwenye duka la vitambaa. Ana bidhaa za milioni 48, fedha taslimu na za benki milioni 14, anadai wateja wanaoaminika milioni 6, naye anadaiwa na wauzaji wa jumla milioni 8. Mali yake ya kutolewa zaka ni milioni 60. Wa tatu ni mzee aliyeuza kiwanja miaka kadhaa iliyopita. Ana milioni 300 benki, na anaishi kwa pensheni na kashamba kake. Wa nne anapangisha nyumba zenye thamani ya milioni 500, na kodi yote anayokusanya anaitumia.

Kwa fungu la kumi, wote wanne wanatoa milioni 1.5. Mfumo hauoni tofauti yoyote kati yao. (Mzee huenda alitoa milioni 30 mwaka ule aliouza kiwanja, kama alilihesabu pato lile; tangu hapo fedha zile haziguswi tena.) Kwa zaka, mwalimu hatoi kitu, kwa sababu laki 6 haifiki nisabu. Mwenye duka anatoa milioni 1.5, sawasawa na fungu la kumi, kwa kuwa mali yake ni mara nne ya kipato chake, na hapo ndipo viwango viwili vinapokutana. Mzee anatoa milioni 7.5, nusu ya kipato chake, na atatoa tena mwakani kwa kilichobaki. Mwenye nyumba hatoi kitu, kwa sababu kwa rai ya wanazuoni wengi nyumba ya kupangisha haitolewi zaka yenyewe. Kinachotolewa ni kodi iliyokusanyika ikabaki hadi mwaka ukatimia.

Huyo wa nne ndiye anayenikosesha raha, na ndiye anayeachwa nje na waandishi wanaotaka kuisifia zaka kama kodi ya mali. Inawabana wenye bidhaa na fedha, inawapita wenye majengo. Wapo wanazuoni wa zama hizi, Yusuf al-Qaradawi akiwa miongoni mwao, waliotaka mapato ya majengo na viwanda yahesabiwe kwa mfano wa mazao ya shamba. Ukifuata rai hiyo jedwali lako linabadilika kabisa. Kwa hiyo andika ni rai ipi umeifuata. Andika pia nisabu yako ni ya dhahabu, gramu 85, au ya fedha, gramu 595. Dhahabu ikiwa ghali mara 80 ya fedha kwa gramu, nisabu ya dhahabu inakuwa zaidi ya mara 11 ya nisabu ya fedha, na idadi ya kaya zinazopaswa kutoa inapanda au kuporomoka kwa uamuzi huo mmoja ambao watu huuficha kwenye tanbihi.

Sasa nije kwenye neno “mgawanyo”, linalotumiwa ovyo kuliko yote. Kama kila kaya ikitoa asilimia 10 kamili ya kipato chake, pengo kati ya kaya halisogei hata kidogo. Aliyekuwa na mara tano ya jirani yake anabaki na mara tano. Kigezo cha Gini, kinachopima ukubwa wa pengo la kipato, baada ya kutoa ni kilekile cha kabla ya kutoa, na faharasa ya Kakwani, inayopima kama wenye nacho wanabebeshwa zaidi, ni sifuri. Sisemi hili kulishusha fungu la kumi. Nasema kazi yake yote ya kugawa upya iko upande wa matumizi: fedha zinakwenda kwa nani. Makala inayopima upande wa watoaji tu haijapima mgawanyo.

Upande wa wapokeaji, zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tauba, aya ya 60, yakianza na mafukara na maskini. Mafungu hayo yana wanaoikusanya, wenye madeni na wasafiri pia, kwa hiyo usiandike kwamba kila shilingi ya zaka inamfikia fukara. Fungu la kumi lina historia mbili ndani ya Biblia ileile. Hesabu 18 inawapa Walawi. Kumbukumbu la Torati 14 inataka fungu la kumi la mwaka wa tatu liwekwe kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Makanisa ya leo yamechagua njia tofauti, na lazima uulize lile unalolitafiti limechagua ipi.

Mfano mzuri ni Waadventista wa Sabato. Fungu lao la kumi, ambalo nao huliita zaka, halibaki kanisa la mahali. Linapelekwa konferensi, ofisi inayosimamia makanisa ya eneo, na kazi yake ya msingi ni kulipa wachungaji na kuendesha huduma ya injili. Matumizi ya kanisa la mahali na misaada hutoka kwenye sadaka nyingine. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba hapa hakuna mgawanyo, maana fedha hazikwenda kwa maskini. Lakini kanisa la mjini lenye waajiriwa wengi linapeleka nyingi, na mchungaji wa mtaa wa vijijini wenye waumini wanaotegemea mavuno analipwa kutoka chungu hichohicho. Huo ni mgawanyo kati ya maeneo, hata kama si kati ya kaya. Ukipima kwa kaya peke yake hutauona kabisa. Ukitaka kuuona, omba hesabu za kila kanisa: lilichopeleka, na gharama za mchungaji anayelihudumia. Tofauti ya hizo mbili ndiyo data yako.

Kisha data zenyewe. Hapa naomba tusimame muda mrefu kidogo, kwa sababu makosa ya hapa hayaonekani kwenye jedwali lililomalizika. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania muumini ana bahasha yenye namba, na kiasi kinaandikwa. Kwenye miji ya pwani tajiri anatoa zaka kwa mkono: kwa shangazi mjane, kwa jirani mwenye deni, kwa mwalimu wa madrasa. Hakuna risiti. Dini zote mbili zinafundisha kuficha mkono unaotoa, lakini moja ina karani na nyingine mara nyingi haina. Ukilinganisha rekodi za taasisi, umelinganisha makarani.

Hojaji nayo ina mitego. Ukiuliza “Je, ulitoa zaka?” bila kufafanua, Mkatoliki, Msabato na Mwislamu wote watajibu ndiyo, kila mmoja akimaanisha jambo jingine, na Mkatoliki huenda anazungumzia kiasi maalumu cha jumuiya yake, si sehemu ya kumi. Zakatul fitri, inayotolewa kwa kila kichwa bila kujali ukubwa wa kipato, itaingia humohumo. Ukiuliza juu ya mwezi uliopita, fungu la kumi la mwezi litanaswa, ila zaka ya mali itanaswa tu ikiwa mwezi huo ndio anaotimiza mwaka wake, ambao kwa wengi ni Ramadhani. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na Desemba. Uliza miezi 12, na uulize kila aina kwa jina lake.

Takwimu za serikali hazikuokoi. Pakistani ilianza mwaka 1980 kukata asilimia 2.5 kwenye akaunti za akiba siku ya kwanza ya Ramadhani. Mashia walipinga, wakaruhusiwa kujitoa kwa hati ya kiapo, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu iliwafungulia Masuni njia hiyohiyo. Wengine hutoa fedha benki kabla ya Ramadhani kuingia. Makusanyo yanaposhuka huko, umepima imani kwa serikali, hujapima utoaji. Indonesia, bodi ya taifa ya zaka, BAZNAS, ilikadiria uwezo wa mwaka 2019 kuwa rupia trilioni 233.8, huku kilichokusanywa rasmi kikiwa takribani trilioni 10.2. Wengi huandika kwamba Waindonesia hutoa chini ya asilimia 5 ya wanachopaswa. Hiyo trilioni 10.2 ina sadaka za hiari ndani yake na haina zaka ya mkono kwa mkono. Makadirio ya uwezo nayo yamejengwa juu ya dhana zinazojumuisha zaka ya mishahara, ambayo si wote wanaikubali. Na Malaysia anayelipa zaka hupunguziwa kodi yake ya mapato kwa kiasi hichohicho, hivyo sehemu ya zaka hiyo imetoka hazina ya umma. Usipoitoa kwenye hesabu umeihesabu mara mbili.

Nina shaka mbili ambazo sijazimaliza. Sijui shule ya kanisa iwekwe wapi. Kama ada yake inalipwa na watoto wa watoaji haohao, fedha zimezunguka ndani ya kundi. Kama inapokea wasioweza kulipa, ni uhamisho. Nimejaribu kuigawa kwa kutumia idadi ya wanafunzi wanaosamehewa ada, na bado naona nambari hiyo inabeba zaidi ya inavyoweza. Ya pili ni yule shangazi mjane. Kama mpwa wake angemsaidia hata bila zaka, basi zaka haikuongeza kitu, imebadilisha tu jina la msaada. Sijaona hojaji inayotenganisha mambo hayo mawili kwa uhakika. Ninachofanya kwa sasa ni kuuliza alimpa kiasi gani nje ya Ramadhani, na kuchapisha makadirio mawili, moja likihesabu ndugu na jingine likiwaacha, bila kumchagulia msomaji.