Kusoma aneksi 46: tarehe, masharti na haki ya kazi kwa fundi anayekwenda Ubelgiji

Hapa Lubumbashi barua hii kwa kawaida hufika kama picha kwenye simu. Mwajiri wa Ubelgiji ameiskani, ameituma kwa mfanyakazi wake mtarajiwa, na jioni hiyo hiyo familia nzima kwenye mtaa wa Katuba au wa Kenya inajua kwamba kijana amepata. Juu ya karatasi imeandikwa “Annexe 46”. Huo ndio uamuzi wa kumkubalia mtu kile ambacho Wabelgiji wanakiita “permis unique”, yaani kibali kimoja kinachobeba ruhusa mbili: ya kukaa nchini kwa zaidi ya siku 90 na ya kufanya kazi. Watu wengi husoma jina lao na neno la kukubaliwa, kisha wanaanza kuuliza bei ya tiketi. Yaliyo chini ya jina ndiyo yatakayoamua mwaka wao utakwendaje.

Kwanza ujue nani anaamua nini. Ruhusa ya kazi hutolewa na jimbo ambalo mtu atafanyia kazi, kama Walonia, Flandria au Bruseli. Ruhusa ya kukaa hutolewa na Ofisi ya Wageni, “Office des étrangers”, ambayo ni ya nchi nzima. Mwajiri hupeleka faili moja, nayo hupita kwa wote wawili. Aneksi 46 hutoka pale tu ambapo wote wawili wamesema ndiyo. Kwa hiyo karatasi ya jimbo peke yake, hata iwe na muhuri na jina lako, ni nusu ya safari. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo makomisionere wanaoonyesha karatasi ya jimbo na kudai malipo ya mwisho kana kwamba mambo yamekwisha. Ukiletewa barua, tafuta ndani yake uamuzi kuhusu kukaa. Kama inazungumzia kazi tu, uliza aneksi 46 iko wapi.

Tuchukue mfano. Tuseme ni fundi wa umeme na mashine, amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha shaba upande wa Likasi, na sasa kampuni moja ya matengenezo ya Charleroi imempa kontra. Aneksi 46 yake ina tarehe ya 12 Januari 2026. Idhini ya kazi iliyoambatana nayo inasema: kuanzia 1 Februari 2026 hadi 31 Januari 2027, kwa kampuni ile, kwa kazi ile ya ufundi, kwa mshahara ulioandikwa.

Kabla ya kufikia tarehe, asome jina herufi kwa herufi akiwa ameshika pasipoti mkononi. Sisi Wakongo tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na utaratibu wa Wabelgiji ni sehemu mbili tu, jina la ukoo na jina la mtu. Mara nyingi jina la pili huunganishwa na la ukoo, na hilo halina shida mradi lifuate pasipoti. Shida ni pale herufi moja imeruka, au siku na mwezi wa kuzaliwa vimegeuzana. Kosa kama hilo lirekebishwe mapema, kupitia mwajiri aliyepeleka faili, kabla ya kuomba viza. Likishaingia kwenye viza na baadaye kwenye daftari la komini, kulitoa ni kazi ndefu.

Sasa tarehe. Fundi wetu atakutana na muda wa aina tatu, na kila mmoja unapima kitu chake.

Wa kwanza ni muda wa idhini ya kazi, huo wa Februari hadi Januari. Huu ndio unaotawala mingine. Ukiwa umeandikwa kwa tarehe za kalenda, unaanza kwenda siku hiyo hata kama mwenye barua bado yuko Lubumbashi anasubiri viza. Mwaka ule haumngojei mtu. Fundi akiingia Ubelgiji tarehe 21 Machi, amebakiza miezi kumi na siku chache, na mtu aliyekopa pesa ya safari akihesabu mishahara kumi na miwili atakuwa amekosea hesabu tangu mwanzo.

Wa pili ni muda wa viza D, ile inayobandikwa ndani ya pasipoti. Viza hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, nazo zinasema lini anaweza kuingia nayo. Kazi yake ni kumvusha mpaka na kumfikisha kwenye komini. Si muda wa kibali. Mtu anaweza kuona kwenye viza tarehe ya karibu akaogopa kwamba amepewa miezi michache tu, au akaona tarehe ya mbali akadhani ameongezewa. Vyote viwili si kweli.

Wa tatu ni muda wa kadi ya ukaaji, kadi A, ambayo ataipewa na komini baada ya kufika. Kadi hiyo hufuata idhini ya kazi. Ya fundi wetu haitavuka 31 Januari 2027 hata kama aliipokea Mei.

Kati ya viza na kadi kuna daraja ambalo wengi hawalijui. Akishafika, mtu ana siku 8 za kazi za kujitokeza kwenye komini ya mahali anapolala. Fundi ameshuka ndegeni Jumamosi tarehe 21 Machi. Siku za kazi zinaanza Jumatatu tarehe 23, na ya nane ni Jumatano tarehe 1 Aprili. Komini humtuma polisi wa mtaa kuhakikisha kweli anaishi pale, kwa hiyo jina lake liwe kwenye kengele ya mlango au kwenye sanduku la barua. Wakati huo wa kungoja kadi anapewa karatasi nyingine, aneksi 49, na hiyo ndiyo inayomruhusu kuanza kazi kabla kadi haijatengenezwa. Asiende kiwandani na viza peke yake, wala asikae nyumbani wiki nyingi akidhani lazima kadi itoke kwanza.

Sasa haki ya kazi yenyewe, ambayo ndiyo hueleweka vibaya kuliko yote. Kadi za ukaaji za Ubelgiji zina sentensi fupi kuhusu soko la kazi. Ya Kifaransa huandikwa “Marché du travail : illimité”, au “limité”, au “non”. Kadi iliyotolewa upande wa Flandria itakuwa na “Arbeidsmarkt: onbeperkt” au “beperkt”. Ya fundi wetu itasema “limité”, na watu wakisoma hivyo hudhani maana yake ni saa chache. Kwake yeye sivyo. Anaweza kufanya kazi wiki nzima, saa zote za kontra yake, lakini kwa mwajiri yule aliyetajwa na kwa kazi ile iliyotajwa. Kijana wa kwetu anayesoma chuo kikuu cha Liège atakuwa na neno hilo hilo kwenye kadi yake, na kwake maana ni nyingine: saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi wakati wa likizo za shule. Ndiyo maana neno la kadi halitoshi. Lazima urudi kwenye barua uone kadi imetolewa kwa msingi gani, wa kazi, wa masomo au wa familia.

Kwa fundi, mipaka hiyo ina matokeo ya kila siku. Jamaa akimwambia Jumamosi kuna ghala linatafuta mikono, jibu ni hapana, hata kama ghala hilo linalipa kihalali na kwa benki. Akitaka kufungua kazi yake mwenyewe ya kurekebisha jenereta, hiyo ni kazi ya kujiajiri, nayo ina kibali chake tofauti kabisa, “carte professionnelle”. Mwajiri mwingine wa Charleroi akimtaka kwa mshahara mzuri zaidi, mwajiri huyo mpya ndiye anayepaswa kupeleka faili mpya, na fundi haanzi kwake mpaka jibu litoke. Wanaokosea hapa kwa kawaida si wahuni. Ni watu wenye bidii waliosoma neno “kukubaliwa” na kudhani nchi nzima imefunguliwa.

Na kontra ikivunjika? Kampuni ikipungukiwa kazi Septemba na kumwachisha, idhini ya kazi inakosa mguu wa kusimamia, na tarehe ya Januari iliyo kwenye kadi haimlindi tena. Sheria inaacha siku 90 baada ya idhini ya kazi kwisha, kisha ruhusa ya kukaa nayo inakwisha yenyewe. Siku hizo 90 ni za kutafuta mwajiri mwingine atakayepeleka ombi jipya. Hazimpi ruhusa ya kufanya kazi popote anapopata. Kwa hiyo aweke nakala ya barua ya kuachishwa na ajue kwa uhakika idhini yake imesimama tarehe gani, maana hesabu inaanzia hapo.

Kama kila kitu kinakwenda vizuri, tarehe ya kuandika ukutani si 31 Januari bali 30 Novemba 2026. Ombi la kuongeza muda hupelekwa miezi miwili kabla ya idhini kwisha, siyo baadaye ya hapo, na mpelekaji ni mwajiri. Mimi ningemshauri fundi amkumbushe mwajiri kwa maandishi tangu Oktoba, kwa heshima, na aombe uthibitisho kwamba faili imepokelewa. Mwajiri mzuri anaweza kusahau, na akisahau, anayeumia ni mfanyakazi.

Linabaki suala la mama watoto aliyebaki Katuba. Aneksi 46 ya mume haimtaji, hata kama kwenye fomu ya mwanzo mume aliandika kwamba ameoa. Mke na watoto wanafungua ombi lao la kuungana na familia, na kila mmoja atakuwa na uamuzi wake na kadi yake. Haki yake ya kufanya kazi itasomwa kwenye kadi yake mwenyewe, wala siyo kwenye ile “limité” ya mume. Muda wake wa kukaa, lakini, unaegemea wa mume, na kwa hiyo ile tarehe ya 30 Novemba inamhusu na yeye pia.