Homa ya tezi ni nini, na kijana anarudi lini uwanjani?

Homa ya tezi inaletwa na kirusi kinaitwa Epstein-Barr, kinapita kwenye mate, ndo mana wengine wanaiita ugonjwa wa mabusu ila hata chupa ya maji inayozunguka timu nzima inaweza kukupa. Wengi huku kwetu tunakipata tukiwa wadogo na wala hatujui kama tuliugua, anayekiona cha moto ni yule aliyekikosa utotoni akaja kukutana nacho ashakuwa kijana.

Kama mtoto wa dada yangu hapa Mbagala, yuko fomu tuu, winga. Homa na koo vilimuanza Jumatatu Machi 3, malaria akapima hana, dukani wakampa amoksilini na siku chache mbele akatoka vipele mwili mzima. Dada akaapa mtoto ana aleji. Kumbe hiyo dawa ukiimeza una homa ya tezi mara nyingi inakutoa vipele, si lazima iwe aleji, na kirusi chenyewe haikigusi. Daktari alipomuangalia akakuta mafindofindo yana utando mweupe, mitoki imejipanga nyuma ya shingo, damu ikathibitisha. Dawa ya kukiua hamna, ni panado, maji na kulala tu. Koo linaweza kusumbua wiki mbili na zaidi, uchovu ndo unang'ang'ania hata mwezi na kuendelea.

Sasa mpira. Shida siyo koo, ni bandama, ile iliyojificha chini ya mbavu za kushoto. Kwenye huu ugonjwa inavimba na kuwa laini, kiwiko kimoja au kuanguka vibaya kunaweza kuipasua damu ikamwagikia tumboni, na mara chache inapasuka hata bila kugongwa. Ni nadra, lakini inaua. Na daktari akibonyeza tumbo asiisikie haimaanishi haijavimba, kwa hiyo kinachotumika zaidi ni kalenda, na unahesabu toka siku dalili zilipoanza, siyo siku aliyopata nafuu.

Wiki 3 za kwanza hamna mazoezi ya nguvu wala kunyanyua ndoo, hatari kubwa iko humo. Kwake ni mpaka Machi 24, baada ya hapo kama homa imekata na ana nguvu anaanza kukimbia taratibu peke yake. Mechi za kugongana ni wiki 4 kwenda juu na daktari awe ameruhusu, akiwa bado anachoka anaongezewa.

Maumivu makali ya ghafla tumboni kushoto au kwenye bega la kushoto, kizunguzungu, au akishindwa kumeza hata mate au kupumua, hospitali muda huohuo, usiku usiku.

Mechi yao ikaangukia Jumamosi Machi 29, siku 26 toka dalili zianze. "Mjomba, si nimepona?" Nikamwambia bado. Alinuna, akakaa benchi na chupa yake mwenyewe.