Kuomba wiki moja ya kodi: tarehe unayotaja itoke wapi

Kazi yangu ni uwakala wa nyumba za kupanga hapa Mombasa, zaidi upande wa Kisauni na Bamburi. Nakusanya kodi kwa niaba ya wenye nyumba, naandika risiti, na kila tarehe 6 ya mwezi natoa orodha ya waliobakia. Maombi ya kuchelewesha kodi hunijia mwaka mzima, lakini huzidi kati ya Aprili na Juni, mvua zinaponyesha, watalii wanapopungua na hoteli zinapoanza kuvuta mishahara. Mengi ya maombi hayo ni ya kweli. Yanayokataliwa mara nyingi hayakataliwi kwa sababu mwenye nyumba hana huruma. Hukataliwa kwa sababu tarehe iliyotajwa haina mguu wa kusimamia.

Mpangaji hudhani mwenye nyumba anaogopa ile wiki moja. Wachache sana huiogopa. Wanachoogopa ni tarehe kuhama. Mpangaji aliyekuwa akilipa tarehe 5 analipa 12, mwezi unaofuata analipa 14, wa tatu analipa 20, na kufikia Desemba ana deni la mwezi mzima ambalo hakuna aliyekumbuka kulikubali. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa, ombi likinifikia, macho yangu hutafuta sentensi mbili kabla ya nyingine zote: ile inayosema pesa zitalipwa lini, na ile inayosema mwezi ujao utalipwa lini.

Niieleze kesi moja, nikiwa nimebadilisha machache ili mwenyewe asijulikane. Dada anafanya kazi hotelini na anaishi chumba kimoja na sebule Bamburi kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Mkataba wake unasema kodi ilipwe kufikia tarehe 5, na baada ya hapo kuna faini ya shilingi 500. Ulikuwa mwaka ambao Mei Mosi iliangukia Ijumaa. Alhamisi jioni, tarehe 30 Aprili, wafanyakazi walibandikiwa ilani kwamba mshahara wa Aprili utalipwa Ijumaa tarehe 8 Mei.

Wengi wangemwandikia mwenye nyumba, "Nitalipa tarehe 8." Hapo ndipo ahadi nzuri huvunjika bila mtu kusema uongo. Tarehe 8 ni siku ambayo mwajiri anatoa pesa. Siku ambayo pesa ziko mkononi mwako ni nyingine. Hoteli yake huwalipa wafanyakazi wote kwa fungu moja kutoka benki yake, na akaunti ya dada huyu iko benki nyingine. Pesa za fungu namna hiyo kwa kawaida huingia siku ya kazi inayofuata, na fungu likipelekwa Ijumaa alasiri, siku ya kazi inayofuata ni Jumatatu. Kwa hiyo pesa zingemfikia tarehe 11. Akaongeza siku moja, kwa sababu wahasibu nao hukawia, na akachagua Jumanne tarehe 12. Kutoka tarehe 5 hadi 12 ni wiki kamili, na kila siku ndani yake ilikuwa na sababu.

Ukitaka kujua mshahara wako hupita njia gani, fungua taarifa za akaunti yako za miezi mitatu iliyopita. Linganisha siku ambayo kazini walisema wamelipa na siku ambayo pesa ziliingia. Tofauti hiyo ndiyo unayoijumlisha. Kama mwajiri wako na wewe mko benki moja, huenda pesa zikaingia siku ileile na huhitaji kuomba wiki nzima. Siku nne zitatosha, na siku nne hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Na kama mwajiri hajatoa tarehe yoyote, anasema tu "wiki ijayo" au "hazina ikituma pesa", basi usimpe mwenye nyumba tarehe ya kubuni. Mwambie waziwazi kwamba kazini hawajataja siku, umlipe sehemu uliyo nayo, na umwahidi tarehe ya kumpa habari badala ya tarehe ya malipo. Hiyo nayo ni tarehe thabiti, kwa sababu kuitimiza kunakutegemea wewe peke yako.

Dada huyu aliandika Jumamosi tarehe 2, siku tatu kabla ya kodi kufika. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ombi linalokuja kabla ya tarehe 5 ni mazungumzo kati ya watu wawili ambao bado hawadaiani chochote. Likija tarehe 7 asubuhi, jina lako liko tayari kwenye orodha yangu, faini imeshahesabiwa, na mwenye nyumba ameshaniuliza kwa nini nyumba namba 6 haijalipa. Sasa naombwa nifute kitu, na kufuta ni kugumu kuliko kutoandika.

Ujumbe wake ulikuwa hivi, na aliutuma kwa mwenye nyumba na kwangu pamoja:

"Shikamoo Mama. Ni mpangaji wako wa nyumba namba 6. Mshahara wetu wa Aprili umechelewa. Kazini wametuandikia kwamba watalipa Ijumaa tarehe 8, na kwangu pesa zitaingia Jumatatu tarehe 11 kwa sababu benki ni mbili tofauti. Naomba nilipe kodi ya Mei hivi: 4,000 Jumanne tarehe 5, na 8,000 zilizobaki Jumanne tarehe 12 kabla ya adhuhuri. Naomba pia faini isihesabiwe mpaka siku hiyo. Kodi ya Juni nitalipa tarehe 5 kama kawaida. Nimekutumia picha ya ilani ya kazini. Tafadhali Mama, nijibu hapa hapa ili nami niwe na uhakika."

Hakueleza karo ya watoto wala ugonjwa wa mtu yeyote. Watu wengi huongeza hayo kwa kudhani huruma itasaidia, na huenda yote ni kweli, lakini mwenye nyumba akisoma matatizo manne hujiuliza mshahara huo ukifika utatosheleza lipi kwanza. Sababu moja yenye tarehe inatosha. Picha ya ilani nayo ilitosha. Hakuna haja ya kumtumia mtu hati yako ya mshahara au taarifa ya benki, ambazo zinaonyesha mikopo na mambo mengine yasiyomhusu.

Zile 4,000 za mwanzo ndizo zilizolainisha mambo. Wenye nyumba wengi ninaowafanyia kazi si matajiri. Huyu mama amestaafu, na ploti ile aliijenga kwa mkopo ambao bado anakatwa kila mwezi. Maji yakikosekana ni yeye anayelipia boza, na kijana anayeangalia ploti na kuzoa taka humlipa kwa kodi hizo hizo. Alijibu baada ya magharibi: "Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Ila tarehe 8 nakatwa mkopo. Ukiweza ziwe 5,000 utakuwa umenisaidia, hiyo 7,000 nitangoja mpaka hiyo 12. Faini hapana." Dada akakubali. Mapatano yote yalikwisha kwa jumbe tatu, na yote yameandikwa.

Kuandikwa huko nakusisitiza sana. Makubaliano ya mdomo mlangoni au kwa simu hupotea mahali pawili. Kwanza, mwenye nyumba anaweza kukubali na asinijulishe mimi wakala, nami tarehe 6 nikamwandikia mpangaji barua ya deni kwa nia njema. Pili, sheria yetu ya Kenya haimpi mpangaji siku za ziada kwa sababu ya mshahara. Mkataba ukisema tarehe 5, deni linaanza hapo, na sheria ya kukamata mali kwa kodi humruhusu mwenye nyumba kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni. Kwa wiki moja ni nadra mtu kufika huko, na sijamshauri mwenye nyumba yeyote kufanya hivyo. Lakini kinachoihamisha tarehe yako kutoka 5 hadi 12 ni lile jibu lake tu, na jibu hilo lazima uweze kulionyesha.

Usiombe kodi ikatwe kwenye dipoziti. Wapangaji wengi hulipendekeza hili kama njia rahisi, kumbe linamwogofya mwenye nyumba kuliko kuchelewa kwenyewe. Dipoziti ni ya kurekebisha uharibifu na kulipia bili utakapohama. Mtu anayeigusa katikati ya mkataba huonekana kama anayejiandaa kuondoka.

Sasa tuseme tarehe 11 imefika na pesa hazijaingia. Hapa ndipo maombi mengi mema huharibika, kwa sababu mpangaji anangoja hadi tarehe 12 ipite akitumaini. Ukiangalia akaunti Jumatatu saa kumi jioni ikiwa bado tupu, andika jioni ileile, ukiwa bado ndani ya ahadi yako. Sema umeuliza kazini, wamekujibu nini, na una kiasi gani unachoweza kuongeza kesho. Hata 2,000 zilizokopwa kwenye chama zinalipwa tarehe 12, kwa sababu hiyo ndiyo siku uliyoitaja mwenyewe. Tarehe ya pili ukiiomba, iwe ya mwisho. Ya tatu sijawahi kuona ikikubaliwa bila mwenye nyumba kutaka mazungumzo mapya kabisa, ya kulipa kwa awamu au ya kuhama.

Kwa dada huyu mshahara uliingia Jumatatu, na Jumanne asubuhi akalipa zile 7,000 kwa M-Pesa. Kuna hatua moja zaidi ambayo wapangaji huisahau. Alituomba risiti inayosema "kodi ya Mei, imekamilika, hakuna faini". Bila maneno hayo, malipo mawili ya 5,000 na 7,000 yanaweza kusomwa vingine baadaye, hasa wakala akibadilishwa: 500 ya kwanza ikahesabiwa kuwa faini, na Mei ikabaki na pengo dogo linaloburutwa hadi siku ya kurudishiwa dipoziti.

Kisha kuna Juni. Kutoka tarehe 12 Mei hadi 5 Juni ni siku 24, si mwezi, na mshahara wa mwezi huo unabeba matumizi yaliyorundikana wakati wa kungoja. Wengi huteleza hapa, mwezi wa pili, wakiwa wametimiza vizuri ahadi ya kwanza. Siku mshahara uliochelewa unapoingia, piga hesabu ya siku hizo 24 kabla ya kugusa kitu kingine, na kama unaweza tenga angalau theluthi ya kodi inayofuata siku hiyo hiyo. Dada huyu alitenga 4,000. Kwa wenye nyumba, malipo ya tarehe 5 Juni ndiyo yanayoamua kama Mei ilikuwa mara moja tu.